Funga Kavu Kwanza

Mchwa ndio walionifikisha kwenye karakana ya mjomba. Nilikuwa kidato cha pili, hapa hapa Tabora, na vitabu vyangu vyote vilikaa kwenye sanduku la mbao laini chini ya kitanda. Siku niliyolivuta kutafuta daftari la Uraia, kitako cha sanduku kilibaki sakafuni. Madaftari mawili ya chini yalikuwa yamegeuka udongo, na la tatu lilibaki jalada tu, limeshikamana na sakafu kama ngozi. Nilikaa pale chini nikalia. Kesho yake nikapanda kwenda Isevya.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mama. Mbona macho mekundu?"

Nikamweleza. Mjomba alikuwa fundi wa vitanda, na karakana yake ilikuwa banda la mabati chini ya mwembe mkubwa, maranda yakimfika mtu kwenye vifundo vya miguu. Alinisikiliza huku anapiga randa. Alipomaliza ubao wake, akaingia ndani akatoka na vipande viwili vya mninga vilivyobaki kwenye oda ya kitanda. Ncha zilikuwa zimepasuka, lakini ukikata sehemu mbovu ulibaki na sentimita 120 safi, upana 23. "Kinachogusa sakafu kiwe mninga," alisema. "Kiini chake mchwa hawakipendi. Rafu za juu hata msonobari unatosha." Msonobari ukanunuliwa kwa akiba yangu, mbao zile zinazoletwa kutoka Mufindi. Sharti lake lilikuwa moja: atanionyesha, lakini hatanitengenezea.

Likizo ya Juni ilikuwa imeanza. Nilikuwa na wiki nne.

Ramani ilikuwa rahisi. Mbavu mbili za mninga zinasimama, rafu nne za msonobari zinalala kati yake. Kila rafu ina urefu wa sentimita 60 na unene wa milimita 21, na kila ncha yake inaingia kwenye gruvu, yaani mfereji uliochimbwa kwenye ubavu kwa kina cha milimita 7. Mjomba alisema kina cha gruvu kiwe theluthi ya unene wa ubao. Ukichimba zaidi, ubavu unadhoofika pale pale unapobeba mzigo. Ukichimba kidogo, rafu haina pa kushika. Rafu nne, ncha mbili mbili, jumla viungo vinane. Ukingo wa chini wa rafu ya kwanza ungekuwa sentimita 6 kutoka sakafuni, wa pili 42, wa tatu 78, wa nne 114. Nafasi kati ya rafu na rafu ingebaki karibu sentimita 34, na kauntabuku ingesimama wima bila kuinama.

Kuchimba gruvu nane kwa msumeno na patasi kulinichukua siku nne. Mninga hauna haraka. Unakata kuta mbili kwa msumeno, kisha unaondoa nyama ya katikati kwa patasi, ukienda kutoka kingo zote mbili kuelekea ndani, kwa sababu ukisukuma patasi mpaka itokee upande wa pili inang'oa ukingo. Vumbi lake lilinipigisha chafya hadi mjomba akanifunga kitambaa puani. Kila nilipomaliza gruvu nilichukua rafu yake, nikaisukuma ndani, ikaingia kwa kubanwa vizuri, nikaitoa, nikaendelea. Siku ya nne jioni viungo vyote vinane nilikuwa nimeshavijaribu. Kila kimoja kilikubali.

Basi asubuhi ya siku ya tano mjomba akiwa amekwenda kupeleka kitanda cha watu, nikafungua kopo la gundi.

Nataka nieleze vizuri kilichotokea, kwa sababu wanafunzi ninaowaona leo wakijifunza useremala wanaanguka shimo hilo hilo. Nililaza ubavu wa kushoto kwenye benchi. Nikapaka gundi gruvu zote nne, nikasimamisha rafu zote nne, zikakaa vizuri kabisa. Nikapaka gundi gruvu za ubavu wa kulia, nikaugeuza, nikaushusha juu ya ncha nne zilizosimama. Ya kwanza ikaingia. Ya pili ikaingia kwa nyundo ya mti. Ya tatu ikaanza kulia, na mimi nikazidi kupiga. Ya nne ilikaa pembeni ya gruvu yake, mlango uko pale na yenyewe iko ukutani, na haikusogea hata nilipopanda juu ya benchi nikakandamiza kwa goti.

Upepo wa Juni wa Tabora mnaujua, mkavu, unapita bandani moja kwa moja. Gundi nyeupe ya mbao inashika kwa kupoteza maji: mengine yanaingia kwenye mbao, mengine yanachukuliwa na hewa. Siku kama ile huna hata dakika kumi. Nilipoamua kuvuta vyote nje, rafu mbili za chini zilikuwa zimeshashika, na ile ya tatu ilitoka ikiacha kipande cha ncha yake ndani ya gruvu, kirefu kama kidole.

Mjomba alirudi akanikuta nimesimama na gundi hadi kwenye viwiko. Hakufoka. Aliuliza, "Ulijaribu kabla ya gundi?"

"Nilijaribu mjomba. Kila kimoja."

"Na vyote kwa pamoja?"

Sikuwa na jibu.

Akaniambia niteleke maji. Gundi nyeupe ikishapata joto na unyevu inalegea, hata ikiwa imeshakauka, kwa hiyo tuliloweka vitambaa kwenye maji ya moto tukavizungushia vile viungo viwili vya chini, tukavibadilisha vilipopoa. Baada ya muda tukagonga taratibu kwa kipande cha mbao, vikaachia. Tulisugua gundi yote hadi ikatoka, kwa sababu gundi mpya haishiki juu ya gundi ya zamani; inahitaji kuifikia mbao yenyewe.

Kisha akaziweka mbavu mbili ubavu kwa ubavu, vitako sawa, akalaza skwea ikapita juu ya zote mbili. Gruvu ya kwanza: mstari mmoja. Ya pili: tofauti ya milimita moja. Ya tatu: mbili. Ya nne: tatu.

Hapo ndipo nilipoelewa. Ubavu wa kulia nilipima zote kuanzia chini: 6, 42, 78, 114. Ubavu wa kushoto nilipima ya kwanza kuanzia chini, halafu kila inayofuata nikaipima kuanzia mstari wa ile iliyotangulia, sentimita 36, kisha 36 nyingine. Kila mara niliiweka tepu kwenye ukingo wa nje wa mstari wa penseli, na mstari wa penseli butu una unene wake. Milimita moja haionekani. Lakini iliongezwa mara tatu. Nilipojaribu kiungo kimoja kimoja, gruvu ilikuwa inaulizwa swali moja tu: je, upana wako unalingana na unene wa rafu? Jibu lilikuwa ndiyo. Hakuna aliyeiuliza iko wapi. Swali hilo haliwezi kujibiwa na kiungo kimoja. Linajibiwa na vyote vinane vikiwa vimefungwa kwa wakati mmoja.

Mjomba alikuwa na neno lake kwa jambo hilo. "Funga kavu kwanza." Kufunga kavu maana yake unakifunga chombo chote, viungo vyote, klampu zote, kama siku ya gundi, ila kopo la gundi limefungwa. Na kiungo cha leo kikikataa, hakikudai chochote. Unakitoa, unakirekebisha, unarudi.

Nilisahihisha ubavu wa kushoto. Kwa gruvu ya nne nilichonga milimita tatu kwenye ukuta wake wa chini, nikagundisha kijiti cha mninga cha unene huo huo kwenye ukuta wa juu, gruvu ikawa imeteremka bila kupanuka. Ya tatu milimita mbili, ya pili moja. Rafu iliyovunjika ikabidi inunuliwe mpya. Ubao huo mpya tangu mwanzo ulikuwa mzito kuliko wenzake, na maranda yake yalitoka laini, yanakunjika mkononi badala ya kuvunjika. Niliona, sikufikiri kitu. Nitaurudia.

Wiki ya pili, Ijumaa, tukafunga kavu kwa mara ya kwanza.

Kabla ya kuanza, mjomba alinipa penseli niandike namba. Kila ncha ya rafu na gruvu yake: KS1 kwa KS1, KL1 kwa KL1, kushoto na kulia, na mshale unaoonyesha uso wa mbele. Niliona kama kazi ya bure maana rafu zote zilikuwa na ukubwa mmoja. Lakini rafu zilizopigwa randa kwa mkono hazina ukubwa mmoja. Ile iliyoingia vizuri kwenye gruvu ya pili iligoma kabisa kwenye ya nne, kwa unene wa unywele.

Nyundo ya mti nayo ina lugha yake. Rafu inaposhuka kwenye gruvu, kila pigo linatoa sauti yenye mwangwi, kama unagonga mlango wa chumba kitupu. Ncha ikigusa chini ya gruvu, sauti inabadilika ghafla, inakuwa nzito na fupi. Viungo saba vilitoa sauti ile nzito. Cha nane, KL3, kiliendelea na mwangwi, na mbele palibaki mwanya ambao ukucha uliingia. Mjomba akaniambia niitoe rafu, nipake ncha yake yote penseli laini mpaka iwe nyeusi, niirudishe, nigonge mara moja, niitoe tena. Ndani ya gruvu palikuwa na doa jeusi mahali pamoja tu, karibu na katikati. Pale ndipo nilipoacha kinundu wakati wa kuchimba. Mikwaruzo mitatu ya patasi, penseli tena, gonga tena, safari hii weusi ukaenea. Mwanya ukafunga.

Kuhusu kubana, alinipa kipimo ambacho mpaka leo sijapata bora zaidi. Rafu isukumwe kwa kiganja, kisha imaliziwe kwa mapigo mawili matatu mepesi. Ikianguka yenyewe, imelegea, na gundi nyeupe haijazi mwanya. Inataka mbao zigusane. Ikihitaji nguvu za mtu mzima, imekaza mno, kwa sababu gundi ina maji na msonobari ukinywa maji unavimba. Kiungo kinachoingia kwa shida kikiwa kikavu hakitaingia kabisa kikiwa na gundi. Ile rafu ya tatu iliyolia siku ya kwanza ilikuwa inaniambia hivyo.

Viungo vyote vilipokaa, tukafunga klampu nne, moja kwenye kila rafu, na vipande vya mbao kati ya chuma na mninga ili chuma kisiache alama. Nikadhani tumemaliza. Mjomba akanipa tepu.

"Pima kona kwa kona."

Kona ya juu kushoto hadi ya chini kulia: sentimita 135.8. Nyingine: 135.0. Kwa macho shelfu ilikuwa imesimama sawasawa. Lakini mstatili ulionyooka una milalo miwili iliyo sawa, na kama haiko sawa basi chombo kimelala upande, hata kama kila kiungo kimefunga. Hesabu hiyo tulikuwa tumetoka kuisoma darasani. Kimo 120, upana wa nje 62.8, mraba wa hiki ujumlishwe na mraba wa kile, tafuta kipeuo: 135.4. Niliiandika kwa chaki kwenye nguzo ya banda. Tukailegeza klampu ya juu kidogo, nikaishika kona ya ule mlalo mrefu na nyingine iliyo mkabala nayo, tukasukuma zikaribiane, tukapima, tukasukuma tena. Ilipofika 135.4 kote kote, mjomba akapigia msumari kijiti nyuma kwa mshazari ili pasisogee.

Kesho yake nikaitwa Urambo, bibi alikuwa anaumwa. Nilikaa siku sita. Shelfu nikaiacha imefunguliwa, rafu zimeegemea ukuta, namba zao zinaonekana.

Niliporudi nilikuwa na hamu ya gundi kuliko ya chakula. Mjomba akasema tufunge kavu tena. Nikamwambia tulishafunga, na kila kitu kilikubali. Akasema, "Zilikubali mbao za Ijumaa ile."

Tukafunga. Rafu ya tatu ikaingia bila kuguswa na nyundo. Niliishika mbele nikaitikisa, ikacheza juu na chini ndani ya gruvu.

Ule ubao mpya ulikuwa na maji. Uzito wake na maranda yale laini vilikuwa vinasema hivyo tangu siku ya kwanza. Katika siku sita za upepo mkavu ulipoteza maji na unene wake ukapungua, labda robo ya milimita, karatasi mbili au tatu za daftari. Zile tatu za zamani zilikuwa zimekaa bandani muda mrefu, hazikusogea. Kama ningetia gundi kwa kuamini kipimo cha wiki iliyopita, kiungo hicho kingeshikwa na gundi tupu, na gundi tupu inapasuka.

Dawa yake ilikuwa maranda. Mjomba aliinoa randa, akaitegesha iwe na makali membamba, akavuta randa moja refu kutoka kwenye kipande cha msonobari, jembamba hadi ungeweza kuona kivuli cha kidole nyuma yake. Tukakata vipande viwili, tukavigundisha upande wa chini wa rafu, kimoja kila ncha, pale panapoingia kwenye gruvu. Tukabana usiku kucha. Asubuhi niliijaribu: kiganja, kisha mapigo mawili. Sauti nzito.

Siku hiyo tulifunga kavu mara tatu zaidi, na mara hizo hatukuwa tunatafuta makosa ya mbao. Tulikuwa tunatafuta makosa yangu. Mjomba alishika saa yake. Mara ya kwanza nilitumia dakika kumi na moja kuanzia rafu ya kwanza hadi klampu ya mwisho, na zaidi ya nusu ya muda huo nilikuwa natafuta vitu: nyundo iko wapi, kipande cha kuwekea chini ya klampu kiko wapi, hii ni KS2 au KS3. Mara ya pili nilipanga vifaa kwa mfuatano wa kuvitumia, nikafungua klampu kabla hadi upana uliokaribia. Dakika nane. Mara ya tatu mdogo wangu alisimama upande wa pili akishika rafu zisianguke, na tukamaliza kwa dakika sita. Hapo ndipo mjomba alipolisogeza kopo la gundi karibu yangu.

Tulifanya kazi alfajiri, kabla ya upepo. Gundi nilipaka kwenye kuta za gruvu, juu na chini. Ncha ya ubao inanyonya gundi kama mrija na haishiki sana, kwa hiyo mjomba hakuitegemea. Baadaye tulitoboa matundu kutoka nje tukaongeza skrubu mbili kila ncha, vichwa vyake tukavifunika kwa vijiti vya mninga, na nyuma tukapigilia plaiwudi nyembamba. Lakini asubuhi ile hakukuwa na haraka wala kelele. Moja, mbili, tatu, nne. Ubavu wa pili ukashuka, sauti nzito mara nne. Klampu. Matone madogo ya gundi yakajitokeza kwenye kila mstari, mfululizo, kama jasho juu ya mdomo. Nikayafuta kwa kitambaa chenye maji, kwa sababu yakikauka pale vanishi haitaingia na patabaki na baka. Kona kwa kona: 135.5 na 135.3. Kusukuma kidogo. 135.4.

Klampu zilikaa hadi kesho yake. Tulipozitoa nilichukua ukurasa wa daftari nikajaribu kuuingiza kwenye kila kiungo, mbele na nyuma, vyote vinane. Haukuingia popote.

Shelfu hiyo ninayo chumbani ninapoandika haya. Vanishi nimeipaka upya mara mbili. Namba za penseli chini ya rafu sikuzisugua kamwe, na kwenye rafu ya tatu, upande wa kushoto, ukipitisha kidole pale rafu inapoingia kwenye mninga, unaukuta ukingo wa lile randa, mwembamba kama jani kavu la muhindi, bado umeshika.